Kombe la bega lazima ligeuke: kwa nini "shusha mabega" si agizo la kusukuma chuma juu ya kichwa

Katika sehemu za mazoezi za Lubumbashi, kuanzia sali zenye vioo za katikati ya mji hadi nyua za komuni za Katuba na Kenya ambako uzito ni makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma, kuna agizo moja linalosikika kila jioni: "Shusha mabega! Yafunge nyuma!" Kocha humpa agizo hilo mtu aliyelala kwenye benchi akisukuma chuma kutoka kifuani, na muda mfupi baadaye humpa lilelile mtu huyohuyo akiwa amesimama anasukuma chuma juu ya kichwa. Video zinazozunguka kwenye simu nazo hulirudia bila kutofautisha. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi wanajitahidi kuyabana mabega chini wakati mikono inapanda, kisha wanashangaa kwa nini chuma kinakwama kikishapita paji la uso, kwa nini kiuno kinapinda, na kwa nini bega linachoka kabla ya msuli wowote kuchoka.

Makala hii inahusu jambo moja tu linalotokea nyuma ya mbavu wakati huo, ambalo wengi hawalioni kwa sababu liko mgongoni: kombe la bega linageuka, na lisipogeuka mkono haufiki juu.

Tuanze na mifupa yenyewe. Kombe la bega ni mfupa bapa wenye umbo la pembetatu, uliolala nyuma ya mbavu, takriban kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 7. Kila upande una lake. Pembetatu hiyo ina ncha moja inayotazama chini, na ncha hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuipapasa: mwombe mtu asimame mikono ikining'inia, weka kidole gumba mgongoni pake, sentimeta chache kutoka uti wa mgongo, na utaihisi chini ya ngozi. Kwenye kona ya nje ya kombe kuna sehemu iliyobonyea kidogo, nayo nitaiita kisahani. Ndani ya kisahani hicho hukaa tufe, yaani kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono wa juu. Juu ya tufe, sehemu nyingine ya kombe hilohilo inajitokeza mbele na kufanya paa. Ukigusa kilele cha bega lako, mfupa mgumu unaoukuta hapo ndio paa lenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kombe halikushikizwa kwenye mbavu kwa kiungo cha mfupa kwa mfupa. Limeunganishwa na mifupa mingine ya mwili kwa njia ya mtulinga peke yake, ule mfupa mwembamba unaotoka kidarini hadi kwenye paa la bega. Kwingine kote linashikiliwa na misuli, na ndiyo maana linaweza kuteleza, kuinama na kuzunguka juu ya mbavu. Kugeuka tunakozungumzia hapa ni kule ambako ncha ya chini inatoka karibu na uti wa mgongo, inazunguka kwenda nje na mbele kuelekea chini ya kwapa, huku kisahani kilichokuwa kikitazama pembeni kikianza kutazama juu.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ni nyepesi. Mwaka 1944 Verne Inman na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa bega ambao bado unafundishwa kwa madaktari na makine, yaani wataalamu wa tiba ya viungo, na ndani yake mlikuwa na uwiano wa mbili kwa moja: kwa kila digrii 3 ambazo mkono unainuka, 2 zinatoka kwenye tufe kuzunguka ndani ya kisahani, na 1 inatoka kwa kombe kugeuka juu ya mbavu. Mkono ukifika wima kabisa, yaani digrii 180 kutoka pale uliponing'inia, tufe limechangia kama 120 na kombe kama 60. Uwiano huo ni wastani tu. Katika digrii 30 za mwanzo kombe huwa halisogei sana, watu hutofautiana, na uzito ulioshikwa mkononi pia hubadilisha mambo, kwa hiyo si busara kumpima mtu kana kwamba kila bega lazima litoe 60 kamili. Watu wengi wenye mabega mazima hata hawafiki 180. Hata hivyo picha kubwa imethibitika mara nyingi: karibu theluthi moja ya safari ya mkono ni kazi ya kombe.

Ukiondoa theluthi hiyo, kinachobaki kinajulikana. Kombe likizuiliwa kabisa, mkono unaweza kuinuliwa na mtu mwingine hadi karibu digrii 120, lakini mwenyewe akitumia nguvu zake hufika karibu na 90 tu. Tofauti hii kati ya 120 na 90 huwashangaza watu, na sababu yake iko kwenye deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega. Deltoidi huanzia kwenye mtulinga, paa la bega na mgongo wa kombe, kisha hushuka kushika mfupa wa mkono. Mkono ukipanda huku kombe limesimama, ncha hizo mbili zinakaribiana mno, msuli unafupika kupita kiasi, na msuli uliokwisha kufupika hauna nguvu tena ya kuvuta. Kombe likigeuka, mwanzo wa msuli unasogea pia, kwa hiyo deltoidi inabaki na urefu wa kutosha kuendelea na kazi hadi juu.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kombe kugeuka. Ya pili ni ya kubeba mzigo. Kisahani hakina kina. Ni tambarare kuliko tufe na pia ni kidogo kuliko tufe, kwa hiyo hakiwezi kulikumbatia. Mtazame mama anayetoka bombani na beseni la maji kichwani kwenye njia yenye mabonde: beseni halishikwi na chochote, lakini halianguki kwa sababu shingo na kiwiliwili vinajisogeza kila hatua ili kichwa kibaki chini ya uzito. Kisahani hufanya vivyo hivyo. Chuma kinapokuwa juu ya kichwa, uzito wake unashuka kupitia mkono hadi kwenye tufe, na kombe lililogeuka linakiweka kisahani chini ya tufe, ili mfupa uegemee mfupa. Kombe lisipogeuka, kisahani kinaendelea kutazama pembeni, na uzito unabaki kuning'inia kwenye kano na misuli midogo inayozunguka kiungo. Mtu aliyewahi kujaribu kushikilia chuma juu kwa sekunde chache akahisi bega linatetemeka ilhali mikono haijachoka anaijua hali hiyo.

Nani anayeligeuza kombe? Si msuli mmoja bali mitatu, na inavuta pande tofauti kwa wakati mmoja. Sehemu ya juu ya trapezi, ule msuli mpana wa shingo na mgongo, inatoka shingoni na kuvuta mtulinga na kona ya nje ya kombe kwenda juu. Sehemu ya chini ya trapezi, inayotoka katikati ya mgongo, inavuta chini upande wa ndani. Wa tatu ni msuli wa msumeno, unaoanzia kwenye mbavu za pembeni, unapita kati ya mbavu na kombe, na kujishika kwenye ukingo wa ndani wa kombe, hasa karibu na ncha ya chini. Huu ndio unaoivuta ncha hiyo kwenda nje na mbele. Kwa maoni yangu msuli wa msumeno ndio mkubwa wa kazi hii, na pia ndio unaosahauliwa kuliko yote, kwa sababu hauonekani kwenye kioo isipokuwa kwa mtu mwembamba sana, na hakuna anayeingia sali akisema leo nautafuta huo. Mitatu ikivuta pamoja, kombe linazunguka. Ukivuta mmoja peke yake, kombe halizunguki inavyotakiwa.

Hapa ndipo tunapoweza kurudi kwenye agizo la kocha na kulitendea haki, kwa maana si agizo la kijinga. Kwenye benchi ni sahihi. Mtu amelala, makombe yamebanwa kati ya mwili wake na benchi, mikono inasukuma mbele ya kifua wala haipandi juu ya kichwa, na makombe yaliyofungwa nyuma na chini yanampa msingi imara wa kusukumia. Lakini akisimama na kusukuma juu, kazi imebadilika: sasa mkono unazihitaji zile digrii 60, na misuli inayofunga makombe nyuma na chini ndiyo hasa inayoyazuia yasigeuke. Kumwambia mtu ashushe mabega huku akisukuma juu ni kumwambia akanyage breki na mafuta kwa pamoja.

Kuna wanaojibu kwamba bega likiachwa lipande, shingo itaumia na trapezi itafanya kazi yote. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, na inastahili kutenganishwa vizuri. Kuna kupandisha bega kuelekea sikioni kabla mkono haujasogea, na kuna bega linalopanda kwa sababu mkono umekwenda juu. La kwanza ni kosa: sehemu ya juu ya trapezi imevuta peke yake, kombe limenyanyuka moja kwa moja kama lilivyo, na ncha ya chini haikwenda pembeni. La pili ndilo tunalolitaka, na linafuata mwendo wa mkono: chuma kikiwa mbele ya mabega, shingo ni ndefu na mabega yametulia; kikipita usawa wa macho, makombe yameshaanza kuzunguka; viwiko vinaponyooka, mabega yako karibu na masikio na ncha za chini za makombe zimefika pembeni mwa mbavu. Hapo juu, mabega kuwa karibu na masikio ni dalili kwamba safari imekamilika.

Imani nyingine inayosambaa sana ni kwamba kombe lisipogeuka vizuri, paa la bega linasaga kano iliyo chini yake mpaka ikakatika. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1972, pale daktari mpasuaji wa Kimarekani Charles Neer alipoeleza kubanwa kwa kano chini ya paa na kupendekeza kuchonga sehemu ya mfupa ili kuongeza nafasi. Upasuaji huo ukafanywa kwa watu wengi sana kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2018 majaribio mawili, moja la Uingereza na moja la Ufini, yalilinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza ambao mfupa haukuchongwa, na wagonjwa wa pande zote mbili walipata nafuu kwa kiwango kisichotofautiana kwa maana yoyote ya kitabibu. Aidha, makombe yanayosogea kwa namna isiyo ya kawaida hupatikana kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kombe lako limepinda na kano yako inasagika, akiwa amekutazama tu mgongoni, anakutisha bure. Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi lakini ni cha hakika: kombe lisilogeuka linapunguza umbali wa mkono na nguvu yake, na mwili hutafuta umbali huo mahali pengine.

Mahali hapo pengine panaonekana vizuri kwa kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, aliyekuja kwangu akilalamikia kiuno, si bega. Alikuwa anasukuma kilo 40. Nilimwomba anionyeshe kwa fimbo ya mbao kwanza, nami nikasimama pembeni yake. Fimbo ilitoka usawa wa mtulinga vizuri, ikapita pua, ikapita paji la uso, kisha mbavu za mbele zikafunguka, kiuno kikapinda, na fimbo ikaishia mbele ya kichwa, viwiko vikiwa bado vimekunjika kidogo. Hata bila uzito wowote mkono haukuwa wima. Ni kiwiliwili kilichokuwa kimeegemea nyuma ili mikono ionekane kama iko juu. Kwa kilo 40, ule mkunjo wa kiuno ulikuwa unabeba kile ambacho bega lilishindwa kufikia.

Kabla ya kulaumu kombe nilitaka kujua kama kiungo chenyewe kimekaza. Alilala chali, magoti yamekunjwa ili kiuno kisipinde, nami nikaupeleka mkono wake juu taratibu yeye akiwa ameulegeza. Ulikwenda karibu kabisa na kitanda, pande zote mbili. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Kiungo kilichoganda kingegoma hata mikononi mwangu. Akasimama, nikaweka kidole gumba kwenye ncha ya chini ya kombe la kulia, nikamwambia ainue mkono. Ncha ilisogea kidogo mwanzoni kisha ikasimama pale mkono ulipopita usawa wa bega, na nikahisi misuli kati ya kombe na uti wa mgongo imekaza.

"Mbona unabana hapa?" nikamuuliza.

"Kocha alinikataza bega kupanda, dokta."

"Sasa sahau kocha kidogo. Fikia ile taa ya dari."

Mkono ulipanda, ncha ikateleza chini ya kidole changu hadi pembeni mwa mbavu, na kiwiko kikanyooka bila kiuno kusogea. Upande wa kushoto ulifanya vivyo hivyo. Hakuwa na udhaifu wala ugonjwa, alikuwa anatii.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, linalowahusu mafundi wengi wanaoinama kutwa nzima. Hata alipoacha kubana, alifika juu vizuri zaidi akiwa amenyoosha mgongo wa juu kuliko akiwa ameinama kidogo. Msomaji anaweza kulipima hili akiwa ameketi: jikunje kama mtu anayesoma simu, inua mkono mmoja mpaka ugome, kisha keti wima na urudie. Mgongo uliopinda unabadilisha umbo la mbavu ambazo kombe linatelezea, unaliinamisha kombe mbele, na mkono unagota mapema. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa namna hii sianzi na kuimarisha chochote. Naanza na kuurudisha mgongo wa juu katika hali ya kunyooka, halafu ndipo nauliza kombe linafanya nini.

Kazi tuliyompa ilikuwa ndogo. Uzito ulishuka hadi kilo 20, kwa sababu mtu anayejifunza njia mpya chini ya uzito wake wa kawaida hurudia njia ya zamani. Kabla ya chuma, alisimama mbele ya ukuta, mikono ya mbele imegusa ukuta tangu kiwiko hadi kiganja, akaiteleza kwenda juu huku akiusukuma ukuta kidogo. Ule msukumo kuelekea ukutani ndio unaouamsha msuli wa msumeno. Baadaye akawa anapiga pampu, na mikono inaponyooka anaongeza sentimeta chache za kuisukuma sakafu hadi mgongo wa juu uwe duara kidogo, kwa sababu hizo sentimeta za mwisho ni kazi ya msuli huohuo. Kwenye chuma chenyewe nilimwachia maagizo mawili tu: viwiko vielekee mbele kidogo ya mwili wala visitanuke pembeni kabisa, kwa kuwa huko mbele, kama digrii 30, ndiko kisahani kinakotazama, na chuma kikishapita kichwa, aendelee kukisukuma hata viwiko vikinyooka.

Si kila bega litafunguka kwa kuambiwa tu lifikie taa. Kama mtu akisukuma ukuta kwa mikono yote miwili ukingo wa ndani wa kombe moja unachomoza mgongoni, kiasi kwamba unaweza karibu kuingiza vidole chini yake, na mkono huo haupandi juu ya bega hata bila uzito, huenda neva inayoendesha msuli wa msumeno imeumia, na hapo mazoezi ya sali hayafai kabla ya daktari kumwona. Neva hiyo inateremka kwa kina kidogo sana pembeni mwa kifua, na mzigo mzito unaobanwa begani unaweza kuidhuru. Kama mkono unagoma hata ukiinuliwa na mtu mwingine, tatizo ni la kiungo. Kama kukwama kulianza siku ya kuanguka au ya kuvutwa mkono kwa ghafula, picha ya eksirei inatangulia. Na kama maumivu yanamwamsha mtu usiku hata asipoulalia upande huo, asianze na fimbo ya mbao.

Kwa asiye na dalili hizo, kipimo cha kujua kama makombe yamegeuka hakihitaji kidole cha mtu mgongoni. Mwambie mwenzako akupige picha kwa simu kutoka pembeni, chuma kikiwa juu kabisa. Chora kwa macho mstari wa wima kutoka kwenye chuma hadi chini. Ukipita karibu na sikio, ukashuka kwenye nyonga na kufika katikati ya mguu unaokanyaga, mbavu zikiwa zimefungwa, basi theluthi ya makombe imetolewa. Mstari ukianguka mbele ya vidole, au ukiwa unapita katikati ya mguu lakini tumbo limetangulia mbele na kiuno kimejikunja, ni kiuno ndicho kilicholipa. Punguza uzito mpaka picha ibadilike, hata kama ni kubaki na bomba tupu.